Moshi Mweusi na Kioo Kilichofutwa

Kazi yangu Houston ilikuwa kuangalia moshi. Mama yangu kule Morogoro hakuniamini hata siku moja, akaniuliza kwenye simu kama kweli kuna mtu analipwa kwa hilo. Nililipwa, na nilisomea pia. Kila baada ya miezi sita nilirudi kwenye kile tulichokiita shule ya moshi, uwanja wenye mashine iliyofukiza moshi mweusi mara ishirini na tano na mweupe mara ishirini na tano, nasi tukikadiria kwa macho matupu ni asilimia ngapi ya mwanga imezibwa. Sifuri ni anga safi, mia ni ukuta. Ukikosea sana, unarudia. Mimi sikuwahi kurudia, na kichwa kilinivimba kwa sababu hiyo.

Mwaka 2019 kampuni yangu ilinipangia kiwanda kimoja mashariki ya jiji, kinachokarabati mapipa makuukuu ya chuma. Boila yao ilitumia mafuta machafu yaliyochujwa, kwa kuwa ni rahisi. Mtu wa boila nilimfahamu. Alikuwa Mrundi wa makamo aliyepita kambi ya wakimbizi Tanzania kabla ya kuletwa Texas, tukisali naye parokia moja kule Alief. Yeye aliniita mdogo wangu, mimi nilimwita kaka.

Wiki mbili kabla ya zamu yangu alinishika mkono baada ya misa. Alikuwa amepewa barua ya onyo kwa sababu ya moshi. Meneja alisema hajui kuutunza moto.

"Ni nozeli, mdogo wangu," aliniambia. "Imekwisha. Mafuta yanatoka matone makubwa, hayaungui yote. Nimeomba mpya mara tatu. Sasa wanasema nikipata barua ya pili, wana-ni-fire."

Alikuwa sahihi kabisa. Nozeli nzima hupuliza mafuta kama ukungu, yakakutana na hewa na kuungua. Ikilika, matone huwa makubwa, katikati yake hubaki bila kuungua, na kile kilichobaki ndicho masizi unayoyaona juu ya dohani. Unaweza kuongeza hewa ili kuficha, lakini utapasha joto anga la Texas tu, na ukizidisha, moshi unageuka mweupe.

"Siku nikija, usiguse hewa," nilimwambia. "Iache kama ilivyo kila siku. Nikishaandika mimi, watanunua nozeli."

Nilisema hivyo kwa kujiamini, nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Aliitikia, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa na cheti.

Siku ilipofika, asubuhi ilikuwa safi. Nilisimama upande wa mashariki, mbali na dohani kiasi cha kutosha, jua likiwa mgongoni. Moshi huukodolei macho muda wote, maana macho huchoka na kuanza kukudanganya. Unatupa jicho mara moja kila sekunde kumi na tano, unaandika, unainamisha kichwa. Thelathini na tano. Arobaini. Thelathini na tano. Thelathini. Kwa dakika sita nikapata namba ishirini na nne, na wastani wake ulikuwa thelathini na tano. Kikomo cha dohani ile kilikuwa ishirini.

Ndani, meneja alinionyesha mita. Ni taa iliyofungwa nyuma ya kioo upande mmoja wa dohani, ikimulika hadi upande wa pili, na kinachopungua njiani ndicho kinachohesabiwa kuwa moshi. Mita ilisema kumi na tisa.

"Macho yako au mashine yangu?" aliniuliza kwa Kiingereza, bila ukali.

Ningeweza kumwambia kwamba ripoti yangu ilihusu macho yangu tu, nikaondoka. Lakini kichwa changu hakikuniruhusu. Nikaomba daftari la mita. Wiki iliyotangulia mita ilikuwa ikisoma juu mno, meneja akaita fundi wa nje. Alhamisi yule fundi aliiweka upya kwenye sifuri. Ijumaa ilisoma thelathini na tano. Kuanzia Jumamosi ikashuka ghafla hadi kumi na tisa, na boila haikuguswa.

Nilimfuata kaka chumba cha boila. Alikuwa anapangusa mikono kwa tambara.

"Jumamosi kuna mtu aligusa kioo cha mita?"

"Ni mimi. Kilikuwa kichafu sana, masizi matupu. Nili-clean vizuri."

Nilicheka kwa furaha, na leo kicheko kile kinanichoma. Fumbo lilikuwa limefumbuka. Yule fundi hakukifuta kioo kabla ya kuweka sifuri. Aliifundisha mita kwamba uchafu wa kioo ndiyo hewa safi. Uchafu ulipoondolewa, mita ikawa inapunguza moshi wa kweli kiasi kile kile. Kwa hiyo macho yangu yalikuwa sawa, moshi ulikuwa mweusi kweli, na nozeli ilikuwa mbovu kama alivyosema. Niliyaandika yote, kwa mpangilio mzuri, pamoja na jina la aliyefuta kioo na siku aliyokifuta. Nilidhani namwandikia utetezi.

Meneja aliisoma ripoti akaona sentensi moja tu. Mfanyakazi amegusa chombo cha kupimia bila idhini, na baada ya kukigusa, moshi umeonekana mdogo kuliko ulivyo. Hiyo haikuwa barua ya pili. Ilikuwa kuchezea kipimo, na kwa kosa hilo mtu hutolewa getini siku hiyo hiyo.

Kaka akatolewa. Niliwapigia simu kiwandani. Nilieleza kwamba mtu anayetaka kudanganya hasemi "ni mimi" mara tu anapoulizwa. Nilieleza kwamba kosa ni la fundi wa nje. Waliniambia kila kitu kimo kwenye ripoti yangu, nayo ni nzuri sana. Bosi wangu naye akaniita: sisi tunasoma moshi, mambo ya wafanyakazi wao hayatuhusu. Niliomba kufuta ile sentensi. Akaniuliza kama ni ya uongo. Haikuwa ya uongo.

Jumapili nilimsubiri maegeshoni, nikamweleza nilichokifanya. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mfukoni.

"Kwa hiyo ningekiacha kichafu," aliuliza, "mita ingesema kweli?"

"Ndiyo, kaka."

"Hm." Aliangalia viatu vyake. "Kule kambini walitufundisha chombo kichafu ni aibu ya mwenye kazi."

Nilitamani anitukane, angalau nijue pa kuanzia kuomba msamaha, lakini aliniuliza tu kama nitakuja kwenye kikao cha kwaya.

Miezi mitatu baadaye nilipangiwa kiwanda kile kile. Nilisimama pale pale, jua mgongoni, nikatupa jicho kila sekunde kumi na tano, na sikuona kitu juu ya dohani ila joto likitetemesha hewa. Sifuri mara ishirini na nne. Kijana mpya wa boila aliniambia nozeli ilibadilishwa juma lile lile alipoanza kazi.

Wakati huo kaka alikuwa akipakia maboksi kwenye ghala moja. Nilipokutana naye kanisani niliazimia kutomwambia, lakini aliuliza mwenyewe.

"Ulienda pale? Moshi ukoje?"

"Hauonekani kabisa. Waliweka nozeli mpya."

Uso ukamchangamka. Alinipiga bega, akamwita mkewe aje asikie kwamba ilikuwa nozeli, kwamba boila yake sasa inawaka vizuri. Alifurahi kweli, na mimi nikasimama pale nikiitikia.