Zambarau ya Mwalimu

Mwalimu aliyetufundisha kusoma, pale Kilosa, ana mtoto wa jicho. Tulipopanga, sisi wanafunzi wake wa zamani, kumfanyia sherehe kwenye uwanja wa mpira, alituma ujumbe mmoja tu: chochote tutakachoandika atakisoma mwenyewe. Amewasomea watu maisha yake yote, hataki kusomewa.

Kamati ikanikabidhi bango na fulana. Rangi sikuzitafuta, nilikuwa nazo moyoni tangu utoto. Mwalimu alikuwa na kitenge cha zambarau iliyokolea, na kalamu nyekundu ambayo vema yake moja ilinirudisha nyumbani mbio, nikiwapita hata wauza miwa. Basi nikaamua: bango la zambarau, maandishi mekundu, ya kulaza kama mwandiko wake. Kwenye simu lilipendeza hadi machozi yakanilenga. Nikaenda Mikumi kwa fundi wa mabango, akanichapia kipande cha majaribio.

Shoga yangu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, akasema tukakitundike golini kwanza. Tukatembea hadi pale kitakapowekwa kiti cha Mwalimu, tukageuka. Niliona zambarau tupu.

"Uzuri wa mkakasi," akanicheka. "Maneno yako wapi, mwenzangu?"

Akapiga picha, akaiondoa rangi kwenye simu. Nyekundu na zambarau zote zikawa kijivu kimoja. Zote mbili zimekolea, nyekundu yangu haikuwa na pa kujitokeza.

"Tuweke njano na nyeusi."

"Kama tangazo la barabara imefungwa? Kwa Mwalimu?"

Tulinuniana vizuri tu, watu wazima wenye wajukuu. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona Mwalimu kwenye kile kiti, akikaza macho, na mtu akimwinamia sikioni kumsomea. Niliiacha nyekundu. Iliniuma, nasema kweli. Zambarau ikabaki, maandishi yakawa meupe, manene, yaliyosimama wima na kuachana nafasi. Fulana tukazigeuza: nyeupe kwa maandishi ya zambarau, tusije tukapotea mbele ya bango letu wenyewe. Waliolalamikia vumbi la Kilosa niliwaambia sabuni ipo.

Siku ilipofika, Mwalimu alikaa kitini mkongojo ukiwa magotini. Tulijipanga golini, bango juu yetu. Akalikazia macho. Muda ukapita, binti yake akamsogelea, naye akamzuia kwa mkono.

Kisha akasimama, akanyoosha mkongojo kuelekea neno la kwanza.

"A-san-te," akasoma, kwa sauti ileile ya darasani.

Hakuna aliyetuambia. Uwanja mzima, wenye mvi na vipara, tukaitikia kwa pamoja: "A-san-te!"

Akausogeza mkongojo kwenye neno la pili, akatusubiri tunyamaze.