Juisi ya Gombani

Mkuu wetu wa chuo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kupenda kutia moyo. Ukiingia ofisini kwake kuomba ruhusa ya mazishi, alikutia moyo. Ukimwambia choo cha wasichana kimeziba, alikutia moyo wewe na choo chenyewe. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba mtihani mfupi wa ujasiriamali niliokuwa nautunga utawapa wanafunzi mpango wa biashara ndogo wauhukumu, alifurahi kama aliyesikia harusi.

"Mpango ninao mimi," akasema, akatoa karatasi kwenye droo. "Wa mjasiriamali mmoja. Kijana sana kwa fikra."

Mjasiriamali huyo kijana kwa fikra alikuwa yeye mwenyewe, na alikuwa anastaafu. Mwandiko ulikuwa wake, na hata kama usingekuwa wake, chuo kizima kilijua. Alitaka kufungua kibanda cha juisi ya ukwaju nje ya uwanja wa Gombani, kwa kiinua mgongo chake. Friji alishaliona mjini, na Ijumaa ya wiki ya mtihani angelilipia.

Nilijua pia mambo ya nyumbani kwake, kwa sababu mkewe alinishika mkono dukani, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya unga.

"Mwanangu," akaniambia, "mie nikisema, ati nna kijicho. Paa lavuja, nshaweka ndoo kila chumba, na yeye anambia juisi. Hanisikii mie. Nasikia weye ndiye unayetunga mtihani. Hebu mtungie na yeye."

Nikamjibu mtihani si mahali pa mambo ya watu. Nilisema vile kwa sauti ya kiofisi, nikaona aibu kabla sijafika mlangoni.

Sasa, mpango wenyewe. Gilasi moja ingeuzwa shilingi elfu moja. Ukwaju, sukari, barafu na gilasi ya karatasi vingekula mia sita. Kila mwezi kodi ya kibanda elfu themanini, umeme elfu hamsini, muuzaji laki moja na nusu. Hapo sina ugomvi, bei alizitafuta vizuri, tena kwa miguu yake. Ugomvi ulikuwa kwenye mstari wa wateja: gilasi mia kwa siku, siku thelathini, gilasi elfu tatu. Faida laki tisa na elfu ishirini kwa mwezi! Kwa hesabu hiyo sote tungeacha chaki.

Nikamwuliza hiyo mia imetoka wapi.

"Nimehesabu mwenyewe," akasema. "Nilikaa pale uwanjani, nikahesabu watu wanaonunua vinywaji."

"Siku gani, Mkuu?"

"Siku ya fainali."

Alisema bila kupepesa jicho. Mtu aliyefundisha watu miaka yote hiyo alikwenda Gombani siku ambayo nusu ya kisiwa ilikuwa pale, akachukua umati ule akauzidisha kwa thelathini, kana kwamba fainali huchezwa kila siku baada ya alasiri.

Nikaenda mwenyewe siku isiyo na mechi. Kulikuwa na mama mmoja na deli lake la soda, vijana wachache wakikimbia mazoezi, na ng'ombe aliyefungwa kamba akila nyasi za watazamaji. Nilikaa mpaka magharibi. Nikamwekea Mkuu wateja kumi, kwa heshima ya umri wake.

Mtihani ukawa ukurasa mmoja. Juu niliweka mpango, bei na gharama kama alivyoziandika. Chini yake nikaweka taarifa za hatari: mechi kubwa ni siku nne kwa mwezi, na siku hizo ndizo za gilasi mia, siku nyingine ishirini na sita ni gilasi kumi kumi, umeme ukikatika juisi iliyobaki humwagwa. Maswali yalikuwa manne. Kila gilasi inaacha shilingi ngapi? Ziuzwe gilasi ngapi kwa mwezi ili gharama za mwezi zirudi? Je, wateja waliotajwa wanafika hapo? Na la mwisho: aanze, abadilishe, au aache? Toa sababu kwa kutumia namba za hapo juu.

Mkuu ndiye aliyepaswa kuupitisha. Akausoma mpaka kwenye ng'ombe wangu asiyetajwa, yaani zile gilasi kumi.

"Kumi umeipata wapi?"

"Nimehesabu, Mkuu. Siku isiyo na fainali."

Akarukia mwongozo wa kusahihisha. Alitaka nusu ya alama ziende kwa atakayeandika kwamba mpango unafaa. Ujasiriamali, alisema, ni kuthubutu; hatuwezi kumpa alama mwanafunzi kwa kukata tamaa. Nikamwambia hukumu yenyewe haina alama hata moja. Alama ni za sababu. Anayesema aanze na anayesema aache wote watapata, mradi wamesimama juu ya namba, na aliyekosea hesabu ya kwanza asiadhibiwe tena kwenye ya pili kama ameendelea vizuri. La sivyo tunapima nani anajua kumfurahisha mwalimu, na hao tunao wa kutosha katika chumba cha walimu. Hilo la mwisho lilinitoka tu. Akatia saini kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.

Wanafunzi wakaufanya Jumatatu. Wengi walipata njia: gilasi inaacha mia nne, gharama za mwezi ni laki mbili na themanini, kwa hiyo zinahitajika gilasi mia saba. Zinazouzwa ni mia nne za mechi na mia mbili sitini za siku nyingine, jumla mia sita sitini. Pungufu arubaini, hasara elfu kumi na sita kila mwezi, na friji bado halijalipiwa wala umeme haujakatika. Kiranja peke yake aliandika kwamba mpango ni mzuri mno kwa sababu mjasiriamali lazima athubutu. Hakutaja namba hata moja. Nikampa sifuri kwa moyo mweupe.

Karatasi zikapelekwa kwa Mkuu kukaguliwa. Nilipoziendea, alikuwa ameshika moja, ya msichana mmoja wa Pujini ambaye darasani husikii sauti yake. Aliandika: "Abadilishe. Mwenye mpango huu inaonekana alikwenda siku ya mechi. Namshauri aende siku ya kawaida kabla hajatoa pesa."

"Mtoto huyu ana adabu?" akaniuliza.

"Ana adabu, Mkuu. Kasema namshauri."

Jumatano hakuonekana ofisini. Alhamisi asubuhi akasimama mlangoni kwangu, kanzu yake ina vumbi la Gombani, hakunisalimu.

"Ile kumi yako ni huruma," akasema. "Nimekaa mpaka magharibi. Wamenunua wanne, na mmoja ni mie."

Akaondoka. Nilitaka kucheka na sikuweza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi kutoka mazishini, na safari hii hapakuwa na wa kumtia moyo.

Ijumaa friji halikulipiwa. Kwenye kikao cha walimu mwisho wa muhula, Mkuu alisimama akaeleza kwa kirefu jinsi alivyotunga kwa makusudi mpango wenye kasoro, mtego wa kitaalamu, ili kupima kama wanafunzi wanajua kuhoji idadi ya wateja. Akataka mtihani huo uhifadhiwe, ila ile kumi iwe nne, kwa ajili ya ukweli. Walimu wakapiga makofi. Kiranja angekuwepo angelia kwa furaha.

Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Asubuhi ile nilikuwa nimepita nyumbani kwa Mkuu, na mafundi walikuwa juu ya paa, wakipigilia bati la mwisho.