Sufuria ya Kusafisha Tumbo

Mimba yangu ya kwanza ilitoka masika, tukiwa Idete tunapalilia mpunga. Damu ilikatika baada ya siku kumi. Wiki ya nne, kwenye kituo cha afya mjini Ifakara, walinipima mkojo na kipimo hakikuonyesha mimba tena. Jibu hilo liliniuma kuliko damu yenyewe.

Mama mkwe aliamuru tukae miezi sita kwanza kabla ya kutafuta mimba nyingine, haraka haraka haina baraka. Mimi na mume wangu tuliitikia kwa heshima, tukaenda zetu, tukaendelea kulala pamoja. Tuliamini kwamba hedhi isiporudi, mimba haiwezi kushika.

Hedhi haikurudi. Wiki ya nane kichefuchefu kilinianza, kilekile, asubuhi zilezile. Niliogopa. Niliona yule aliyeondoka amegoma kuondoka, na nikiinama shambani nilihisi kuna mtu nyuma yangu. Sikumwambia yeyote. Mama mkwe aliona mwenyewe. Akasema ni damu iliyoganda, akachemsha sufuria ya mizizi ya kuishusha. Ndivyo wanawake wa ukoo wao walivyosafishwa, wote, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Mimi ni mbishi. Nilimwambia nitakunywa nikirudi kutoka Ifakara.

Muuguzi alinipima tena. Mimba ipo. Nikamuuliza kama si ile ya zamani. Hakucheka. Alisema ni kweli mimba ikitoka kipimo kinaweza kuendelea kuionyesha kwa wiki kadhaa, lakini changu kilikwisha kuwa safi wiki ya nne. Yai linaweza kupevuka hata wiki mbili tu baada ya mimba kutoka, kabla hedhi haijaonekana, ingawa wengi hedhi huwarudia baada ya wiki nne hadi sita. Kuhusu miezi sita, alisema ushauri huo ulitolewa sana zamani. Siku hizi imeonekana kwamba mama ambaye damu imekatika, hana homa wala maumivu, na moyo wake uko tayari, halazimiki kusubiri hivyo. Kuisubiri hedhi moja husaidia tu kuhesabu wiki. Za kwangu zingehesabiwa kwa kipimo cha picha.

Kwenye picha moyo ulikuwa unapiga. Nililia, na si kwa furaha peke yake. Macho yangu yalikuwa yanamtafuta yule mwingine.

Nilirudi Idete nikamkuta mama mkwe ameketi jikoni, sufuria bado iko juu ya mafiga. Nilimsalimia, nikamweleza yote: mimba ni mpya, imeshika kabla ya hedhi, na dawa ile ingeweza kuitoa. Aliinuka. Kisha akaibeba sufuria kwa mikono miwili, akaimwaga nyuma ya nyumba, akarudi nayo tupu.

“Mimi nilikunywa, mwanangu,” alisema. “Baada ya wa kwanza kutoka. Hedhi iligoma hivyohivyo, na nilikuwa natapika. Damu ilishuka nyingi, wakanipongeza.”