Shilingi Sitini Zisizoezeka Paa

Mwaka wa hamsini na nne, katika kijiji kimoja cha milimani juu ya Iyunga, hakukuwa na mwanamke aliyeandika vizuri kama Tupokigwe. Alifika darasa la nne tu, lakini mwandiko wake ulinyooka kama matuta ya viazi. Ndiyo maana kikundi cha akina mama wa kanisa kilimfanya katibu, na barua ya shukrani kwa Bwana Kalinga wa Iringa ikawa juu yake.

Kalinga alikuwa na lori. Mwaka uliotangulia, wakati wa masika, lori lilikwama matopeni karibu na kijiji, na mkewe Evarista akashikwa na uchungu. Akajifungulia katika chumba cha wazazi cha kikundi, akinyeshewa kupitia nyasi zilizooza. Mama na mtoto walipona. Baadaye Kalinga akatuma kwa hawala ya posta shilingi mia sita, na karatasi yenye maneno machache: za paa la chumba hicho na baraza yake, tafadhali mniandikie zimetumikaje.

Chumba kiliezekwa. Mabati thelathini yalichukua mia tatu na thelathini. Mbao, misumari, fundi na gari la kuyapandisha mabati kutoka Mbeya mjini vikala mia mbili na kumi. Stakabadhi za dukani zilikuwepo, na pale ambapo mpasua mbao hakujua kuandika, aliweka dole gumba. Zilibaki sitini za baraza.

Kabla baraza haijaanza, nyumba ya mjane Esta iliungua ikaisha. Watoto wanne wakabaki na nguo walizovaa, na baridi ya Juni haina huruma. Kikundi kikakutana upesi, kikatoa zile sitini: blanketi tatu na gunia la mahindi. Hakuna aliyepinga. Ila Esta alikuwa dada yake Tupokigwe, tumbo moja.

Sasa Tupokigwe alikaa na mwenyekiti, Mama Marta, kwenye benchi la kanisa, karatasi mapajani.

"Andika fundi mia na thelathini," alisema Mama Marta. "Atakubali kutia sahihi. Nani atakuja kutoka Iringa kumuuliza?"

"Fundi alilipwa sabini, mama."

"Najua alilipwa sabini! Mimi nakuokoa wewe, mwanangu. Mtu huyu akisoma kwamba fedha yake imekwenda kwa mjane, atauliza mjane wa nani."

Jambo hilo ndilo lililomnyima Tupokigwe raha wiki nzima. Alijiuliza kama Esta asingekuwa dada yake, angeinua mkono kukubali haraka vile. Hakujua. Akachovya kalamu, akaandika vitu vyote kimoja kimoja na bei zake, kisha mwishoni:

"Sh. 60 hatukuzitumia kwa baraza. Tulimnunulia blanketi na mahindi mjane aliyeunguliwa na nyumba. Hatukukuomba ruhusa, na hilo ni kosa letu. Mjane huyo ni dada wa mwandishi wa barua hii. Baraza haijaezekwa."

Mama Marta alisoma taratibu, akatikisa kichwa. Lakini alitia sahihi.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Kalinga hakuuma maneno. Alishukuru kwa stakabadhi, akasema paa limemfurahisha. Kisha: "Sikutoa fedha ya blanketi. Mngeniandikia kwanza, huenda ningekubali. Ezekeni baraza kwa nguvu zenu kabla ya mvua, halafu mniletee stakabadhi."

Esta aliposikia alitaka kuuza blanketi. Tupokigwe alimzuia kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha.

"Watoto watajifunika stakabadhi?" alimwuliza.

Kikundi kikaingia katika shamba la kanisa, kikang'oa viazi vilivyokuwa vya sherehe ya mavuno, kikavibeba kichwani hadi sokoni. Tupokigwe alitembea safari nyingi kuliko wote, na hakuna aliyemwambia apumzike. Mwezi wa kumi walinunua mabati matano na misumari, wakaezeka baraza. Barua ya pili kwa Kalinga ilikuwa na mistari minne tu, na stakabadhi ndani yake.

Evarista ndiye aliyelileta jibu, mtoto mgongoni, akishuka kwenye lori la mumewe. Alikagua baraza, akaligonga bati kwa ngumi. Kisha akauliza:

"Yule mjane yuko wapi?"

Tupokigwe alimpeleka. Evarista alisalimiana na Esta, akakaa chini mkekani bila kungoja kigoda, akawapakata mtoto wake na wa Esta pamoja.

"Mume wangu ni mtu wa hesabu," alimwambia Tupokigwe. "Barua yako ya kwanza aliisoma mara mbili, akanipa na mimi nisome. Akasema, huyu amejitaja mwenyewe."

Aliomba maji ya kunywa, akakaa hadi dereva alipopiga honi.