Bi Kwangua na Vocha Zilizofutika Ua

Tulimwita Bi Kwangua kwa sababu alikuwa haipendi kazi ya kukwangua. Vocha ikiletwa mbele yake huku mtu ameshika sarafu tayari kuikwangua, alikuwa anaufunika mkono wa yule mtu kwa kiganja chake na kusema, "Taratibu. Ukishakwangua, shahidi kafa."

Meza yake ilikuwa dirishani, pale kwenye duka la jumla tulikokuwa tukiwagawia wauzaji wa vibandani vocha za simu. Mimi nilikuwa stoo, nafungua makatoni na kukata shuka za kadi, zile karatasi pana zenye kadi nyingi zilizoungana, hivyo mgongo wake nimeutazama miaka mingi kuliko uso wake. Kazi yake ilikuwa kutazama picha. Muuzaji akipata vocha inayolalamikiwa, anaipiga picha kwa simu na kuituma, na Bi Kwangua anasema kama kadi ni nzima, imechezewa, au ni ya kughushi kabisa.

Mungu alimpa macho, lakini alimpa na subira, na nadhani subira ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi zaidi. Kwanza alitazama kingo za ule utando wa kijivu unaofunika namba za siri. Wahuni huikwangua kadi, wakaitumia, kisha wakabandika kijikaratasi cha kijivu juu yake au wakapaka rangi. Kijikaratasi kina ukingo ulioinuka, nao hutupa kivuli chembamba picha ikipigwa kwa pembeni. Rangi ya mkono haijui kusimama kwenye mpaka, pengine inavuka na pengine haifiki. Kisha alitafuta yale maua madogo yaliyochapwa juu ya utando. Kiwandani ua huchapwa mwisho, kwa hiyo aliyepaka upya huwa amelizika ua. Mwisho alishuka kwenye namba ya mfululizo, ile iliyo wazi chini ya utando, aone kama tarakimu zina umbo moja na kama zinafuatana na kadi jirani.

Na utani hakukosa. Kijana mmoja alituma vocha iliyotoboka, anadai ni feki. Bi Kwangua akamjibu kwa sauti, na stoo nzima ikasikia, "Baba, vocha hii ni halali. Ulikuwa unaikwangua au ulikuwa unachimba kisima?"

Asubuhi moja Tajiri, mwenye duka, aliingia na simu yake imenyooshwa mbele kama mtu aliyebeba kaa la moto.

"Haya, Bi Kwangua. Kimenuka. Wateja watatu wa kibanda kimoja. Wamekwangua, namba hazisomeki. Na tazama utando, maua yamepotea. Andika zimechezewa, mchana huu namkata, simpi vocha tena. Wauzaji wengine wameshaanza kusema tunafuga wezi."

"Kibanda gani?"

Tajiri akakohoa. "Cha wifi yako."

Mikasi yangu ilisimama katikati ya shuka. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa na kibanda kilichogusana ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Kile kibanda ndicho kilichokuwa kikiwavisha watoto wake sare. Kukatwa kwenye vocha ni kufunga kibanda, maana mtu akija kununua vocha ndipo anakumbuka na sabuni na kiberiti. Tena muuzaji aliyekatwa kwa wizi hapokelewi na duka lingine lolote.

Bi Kwangua akavaa miwani, akazikuza zile picha kwa vidole viwili, akazitazama mpaka Tajiri akaanza kuhamisha uzito wa mwili mguu huu na mguu ule.

"Sioni," akasema.

"Huoni nini? Maua hayapo, hata kipofu anaona!"

"Zimepigwa kwa taa ya simu, Tajiri. Hapa katikati ni mwanga mtupu. Siwezi kujua kama ua limefunikwa au limeondoka. Hayo ni mambo mawili."

"Wewe andika tu."

"Siandiki."

"Kwa sababu ni wifi yako."

Alivua miwani, akamtazama. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti kwa Tajiri, na siku ile pia hakuipandisha. "Ungeniletea picha hizi za mtu nisiyemjua ningesema vilevile. Kama una haraka, andika wewe, weka na jina lako. Langu sikupi."

Tajiri akasonya, akasema, "Nitakuvumilia mpaka jioni," akaondoka. Mlango ukajibamiza nyuma yake.

Haukupita muda wifi mwenyewe akatokea, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana, na unga mweupe kwenye nyusi.

"Eti mimi mwizi! Na wewe umekaa hapo na miwani yako kama hakimu, umeshindwa kusema neno moja? Waambie mimi msafi!"

"Karibu, wifi. Kaa."

"Sikai! Sema kwanza."

"Sijaona bado kama wewe msafi."

Ee Mungu wangu. Yule mwanamke akafungua mdomo. Maneno yakatoka yote pamoja, na mengine siyaandiki. Bi Kwangua akasubiri yapite, kama mtu anayesubiri mvua chini ya baraza, kisha akamwelekeza kama anavyomwelekeza muuzaji yeyote. Kadi zile tatu asizifute, asizikwangue zaidi. Atoe na zilizobaki kwenye shuka hiyohiyo. Apige picha nje, kivulini, taa imezimwa, moja kwa juu na moja akiwa ameinamisha simu. Na azitume kama faili, maana zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, na maandishi madogo huwa uji.

"Nifanye kazi yote hiyo, na wewe ndugu yangu?"

"Ndiyo sababu nataka uifanye vizuri."

Wifi akaondoka bila kuaga. Kidogo simu ya mezani kwa Bi Kwangua ikalia, kaka yake. Alikuwa na sauti ya kutosha kunifikia mimi stoo.

"Dada, zimwi likujualo halikuli likakwisha! Unataka kumla wifi yako?"

"Basi zimwi lenyewe umelipigia, kaka. Niombee tu picha ziwe nzuri."

Picha zilikuja. Aliniita, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, akaniambia, "Njoo nawe utazame, nisije nikasema naona ninachokitaka."

Nikainama. Utando ulikuwa umefifia kweli na maua yamekuwa ukungu. Lakini ukingo wake ulikuwa umelala, haujainuka popote, na haukuvuka mpaka. Kisha akanionyesha kwa ncha ya kalamu, bila kugusa kioo. Ukungu ule ulikuwa na mwelekeo, kama njia ya ufagio. Ulianzia kwenye picha iliyochapwa pembeni mwa kadi, ukapita juu ya utando, ukashuka hadi kwenye namba ya mfululizo, na tarakimu nazo zilikuwa na mikia iliyoelekea upande uleule.

"Anayepaka upya anashughulika na utando," akasema polepole. "Ana shida gani na picha ya pembeni? Hapa hakuna kilichoongezwa. Kuna kilichofutwa."

Akampigia wifi. "Vocha zako unazisafisha na nini?"

Wifi akajibu kwa majivuno kabisa: "Spiriti, ile ninayofutia kioo cha kabati. Unga wa mashine unajaa kila mahali. Mimi siuzi kitu chenye vumbi."

Bi Kwangua akafumba macho. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Spiriti ilikuwa imeyayeyusha maua, ikaulainisha na utando wenyewe, na mteja alipokwangua namba zikang'oka pamoja nao.

Tajiri aliporudi na kuelezwa, hakucheka. "Hayo ni maneno ya wifi. Labda alikwangua, akatumia, halafu akapitisha spiriti kuficha."

"Labda," akasema Bi Kwangua. Nilishtuka alivyokubali upesi. "Picha haiwezi kuniambia kama salio limetumika. Kampuni ya simu ndiyo inayojua. Wape namba za mfululizo."

"Namba zenyewe hazisomeki! Hii ni tatu au nane?"

"Tazama shuka. Kadi ya juu yake inaishia na mbili, ya chini yake inaishia na nne. Kiwandani hawaruki. Ni tatu. Na hizi nyingine vivyo hivyo. Piga simu."

"Na wakisema zimetumika?"

"Nitaandika zimetumika. Nitaandika na jina la wifi yangu kwa herufi kubwa."

Tajiri akapiga, akasoma namba moja moja. Tulisubiri. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, na sioni aibu kusema. Tajiri alipokata simu akajikuna shingo. Zote tatu hazijawahi kuingizwa kwenye simu yoyote. Salio lilikuwa palepale, na wateja wangepewa lao kwa namba hizo.

Jioni wifi akarudi, nyusi zimepanguswa. Akasimama nyuma ya kiti cha Bi Kwangua aliyekuwa anaandika taarifa, na Tajiri upande wa pili, kila mmoja na lake.

"Andika zilikuja hivyo kutoka kiwandani," wifi akanong'ona. "Watanibadilishia zile zilizobaki."

"Andika basi anashukiwa," Tajiri akasema. "Kidogo tu, wengine wapate kuogopa."

Bi Kwangua hakuinua kichwa. "Zilikuja nzima. Yeye kazifuta na spiriti. Hakuiba. Mambo matatu, sina la nne. Anayetaka la nne akalitafute kwenye meza nyingine."

Tajiri akachukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaitia sahihi kwa kalamu iliyokuwa inaelekea kupasua karatasi. Kibanda hakikukatwa. Lakini kadi zilizobaki hazikubadilishwa, maana aliyeziharibu ni muuzaji mwenyewe, na hakuna mteja angezinunua na sura ile.

"Umeniokoa jina, ukanitia hasara," wifi akasema, machozi yanamlenga. "Ungeandika neno moja tu la kiwandani, ungekufa?"

"Nisingekufa. Lakini ningeandika la kiwandani, hili la kwamba hukuiba lingekuwa na thamani gani?"

Wifi akavuta kiti, akakaa, akamwaga zile kadi zilizobaki juu ya meza. Bi Kwangua akachukua moja, akaipuliza mpaka akaridhika kuwa spiriti imekauka, akaanza kuukwangua utando kwa ukucha wa kidole kidogo, kwa upole wa mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Tarakimu ya kwanza ikajitokeza, nusu. Ya pili, nzima.

"Usiniangalie mimi," akamwambia. "Shika simu, tuliingize salio kwako lisipotee. Saba. Halafu sifuri."

Wifi akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akaanza kubonyeza.