Moyo Ambao Mama Kabedi Hakuuona

Tarehe 15 Juni 2024, Mama Kabedi Mianda wa mtaa wa Kapata alitimiza miaka hamsini ya ndoa. Cheti cha parokia kinathibitisha. Asubuhi hiyo mjukuu wake, Mignonne, alimsomea maneno aliyoandaa kuwasomea wageni: «Inaonekana walipendana tangu siku ya kwanza.»

Mama Kabedi alikataa yasomwe hivyo.

«Inaonekana namna gani? Mi nilimupenda, najua. Andika wazi. Ye ndiye alionekana kunipenda. Moyo yake sikuiona.»

«Mama, miaka makumi tano, ungali unachunguza?» akauliza mumewe, Tata Stany.

«Basi sema, tuandike. Ulianza lini?»

Tata Stany akacheka mpaka akafuta machozi. Maneno yakasomwa kama Mama Kabedi alivyoagiza, na wageni wakapiga vigelegele. Siku ambayo Tata Stany alianza kumpenda haijulikani.