Kumjibu Bibi Harusi Baada ya Siku

Rafiki yangu alipopata mchumba akiwa na miaka arobaini na saba, kanisa zima lilimshukuru Mungu. Mimi nilinuna. Kwa miaka mingi tulikuwa tukikaa benchi ya nyuma katika kila harusi ya Nyeri, tukiwacheka maharusi na kula mara mbili. Sasa mwanamume wa Kerugoya aliyefiwa na mkewe alikuwa anakuja kuniachia benchi peke yangu.

Alinialika kwa ujumbe wa simu: ruracio, sherehe ya kuleta mahari, ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwa mama yake huko Gakindu, na anataka nifunikwe pamoja naye. Nimjibu kufikia Ijumaa hii. Kwetu, siku hiyo bibi harusi hufunikwa leso pamoja na wanawake wengine, wakapangwa mstari, na bwana harusi amtafute wake. Lazima wanaofunikwa walingane kimo, la sivyo hata kipofu atamjua. Kati ya marafiki zake wote, ni mimi tu niliyelingana naye; wengine aliwatafuta kwa jamaa na kwenye kwaya.

Nilisoma, alama mbili zikageuka buluu, nikanyamaza. Ijumaa ikapita. Siku ya kwanza jibu lilikuwa neno moja tu. Kufikia Jumatano lilikuwa limeota pembe.

Jumatano hiyo, dukani kwangu Ruring'u ninakouza sare za shule, niliandika ujumbe mrefu. Stima ilipotea. Jino liliuma. Shangazi amelazwa. Shangazi huyo tulimzika zamani, Mungu amrehemu, lakini nilikuwa namhitaji. Nilipousoma tena nikaona kwamba rafiki yangu, katika wiki yake ya harusi, angelazimika kuniambia pole mara tatu. Nikafuta. Nikaandika kwamba mimi ni rafiki mbaya, sifai kitu. Huo nao ulikuwa unaomba kubembelezwa. Nikafuta.

Mwishowe nikatuma: "Ulitaka jibu Ijumaa na nimechelewa. Nisamehe. Nitakuja. Kama umeshapata mwingine wa kufunikwa, ni sawa, nitakaa na wageni."

Akasoma. Saa zikapita. Niliogopa kweli, kwa sababu haikuwa sawa hata kidogo. Nilitaka nafasi yangu. Nilimuuzia mama mmoja sweta ya shule nyingine kabisa.

Saa kumi akapiga. Alisema kuna mwimbaji wa kwaya aliyechelewa pia kumjibu, akamtumia kurasa mbili za visingizio vya mafua na matope, na amemwambia wamejaa.

"Yako iko," akasema. "Kuja Ijumaa tulale kwa mama. Na usiniletee hadithi. Ulikuwa umekasirika, ama?"

"Nilikuwa nimekasirika."

"Nilijua. Ndiyo maana sikukusumbua." Akaongeza: "Lakini ile Jumamosi, ulipokuwa hujajibu, nililia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa hilo. Nikamwambia pole, na safari hii sikuwa na lolote la kufuta.